Utangulizi Unaobaki Sikioni: Mapigo, Utatu na Urefu wa Sentensi katika Hotuba ya Kiswahili



1.0 Suala lenyewe

Katika masomo ya insha, mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kuwa utangulizi ni aya inayoeleza mada, mipaka yake na mpangilio wa hoja zitakazofuata. Maelezo hayo ni sahihi kwa msomaji. Msomaji ana ukurasa mbele yake. Akipotea katika sentensi ya tatu, hurudi katika ya kwanza. Msikilizaji hana pa kurudi. Neno likishatamkwa limekwenda, na kama halikushikwa lilipopita, hotuba yote inayofuata hujengwa juu ya msingi ambao kwake haupo.

Mhadhara huu unahusu utangulizi wa aina hiyo ya pili, yaani ule unaopokelewa kwa sikio peke yake. Swali lake ni finyu: ni mambo gani katika sauti na muundo wa Kiswahili yanayoufanya utangulizi ukumbukwe na mtu aliyeusikia mara moja tu? Mambo matatu yatachunguzwa, nayo ni mapigo, utatu na urefu wa sentensi. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili humpa msemaji mfanano wa sauti bila gharama yoyote, kwa sababu ya mkazo wake na upatanisho wake wa kisarufi. Kwa hiyo kinachobaki sikioni si mfanano wenyewe, bali ni mahali ambapo mfanano huo unakatika.

Ili hoja isielee hewani, itapimwa kwa hadhira moja mahususi: wakulima wa pamba waliokusanyika katika mkutano wa hadhara huko Malampaka.

2.0 Malampaka kama uwanja wa kusikiliza

Malampaka ni mji mdogo katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Ni mji wa reli, ukiwa kwenye njia iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na pia ni mji wa pamba. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, lakini wakazi wake wengi ni Wasukuma ambao utamaduni wao wa kukusanyika uwanjani na kusikiliza ni wa kale kuliko mpaka wowote wa kiutawala.

Utamaduni huo una kipimo kikali cha mafanikio. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Mtazamaji hapigi kura kwa karatasi; anapiga kura kwa miguu. Kiongozi wa ngoma ambaye mwanzo wake ni mzito huona watu wake wakihamia upande wa pili kabla hajafika katikati. Mtu aliyekulia katika mazingira hayo huja mkutanoni akiwa msikilizaji mzoefu. Anajua kuwa ana haki ya kuondoka, au ya kubaki huku akizungumza na jirani yake, ambayo ni namna nyingine ya kuondoka.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kiisimu. Kwa wengi wa wasikilizaji hao, lugha ya kwanza ni Kisukuma. Uchunguzi wa Herman Batibo kuhusu fonolojia na mofolojia ya Kisukuma, uliochapishwa mwaka 1985, ni miongoni mwa kazi zinazoonyesha kuwa lugha hiyo ina mambo mawili ambayo Kiswahili hakinayo. Urefu wa irabu huweza kubadili maana ya neno, na vivyo hivyo toni. Tena toni ya juu ya Kisukuma huweza kusikika silabi mbili mbele ya mahali inapoanzia. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Kina mkazo, na mkazo huo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya kukopa. Irabu yenye mkazo hurefuka zaidi neno linapokuwa mwishoni mwa kirai, kabla ya kituo.

Matokeo yake ni muhimu kwa msemaji. Sikio lililolelewa na Kisukuma hutega urefu wa irabu kama dalili yenye maana. Katika Kiswahili dalili hiyo hupatikana mwishoni mwa vipande vya usemi, na huonyesha kuwa kipande kimekwisha. Msemaji anayesoma karatasi yake mfululizo, bila vituo, huifuta dalili hiyo. Msemaji anayetua mahali panapostahili humpa msikilizaji wake alama anayoijua.

3.0 Mapigo: kuhesabu kwa sikio

Urefu wa sentensi ya Kiswahili hauwezi kupimwa kwa idadi ya maneno. Kiswahili ni lugha ambishi. Neno moja hubeba kiima, wakati, urejeshi na kitendo. Hata idadi ya silabi peke yake haitoshi. Yalinganishwe matamshi haya mawili:

Tutakapokusanyika.

Njoo hapa sasa hivi.

Kila moja lina silabi nane. Hata hivyo, hakuna sikio linaloyasikia kuwa sawa. La kwanza lina pigo kuu moja, katika silabi -nyi-, nalo linafika baada ya silabi sita za kungoja. La pili lina mapigo manne, moja katika kila silabi mbili. La kwanza huteleza. La pili hugonga. Mshairi wa kimapokeo anayehesabu mizani angeyaita sawa. Mhutubu hana budi kuhesabu mapigo.

Kutokana na tofauti hiyo, msemaji ana vyombo viwili mkononi. Vitenzi virefu vyenye viambishi vingi humpa mwendo wa kuteleza, unaofaa kueleza hali au kusimulia. Maneno mafupi ya silabi mbili au tatu humpa mwendo wa kugonga, unaofaa kuamuru, kukataa au kuhitimisha. Utangulizi wenye mwendo wa kwanza tu hulaza, na wenye mwendo wa pili tu huchosha. Kipimo chake ni rahisi: rasimu isomwe kwa sauti huku kidole kikigonga meza katika kila silabi ya pili kutoka mwisho. Pale kidole kinapongoja mno, au kinapogonga bila kupumzika, pana kasoro.

Kuhusu mfanano wa sauti, Kiswahili ni tajiri kupita kiasi. Upatanisho wa kisarufi hurudia viambishi vile vile katika nomino, kivumishi na kitenzi, ili mradi sentensi iwe sahihi tu. Vitenzi vya dhamira tegemezi vyenye asili ya Kibantu huishia na -e bila msemaji kutafuta kina. Simulizi za kimapokeo zimeutumia utajiri huo katika mwanzo wake: msimulizi husema Paukwa, hadhira hujibu Pakawa. Maneno hayo yana silabi tatu kila moja, kiambishi kimoja, pigo mahali pale pale. Mfanano huo hufungua mlango, lakini hauna habari ndani yake. Hakuna anayeikumbuka hadithi kwa sababu ya Paukwa. Hapo ndipo linapoingia suala la utatu.

4.0 Utatu: kazi ya kipande cha tatu

Methali nyingi za Kiswahili zina vipande viwili vinavyopimana. Haraka haraka, kisha haina baraka. Haba na haba, kisha hujaza kibaba. Muundo wa vipande viwili ni muundo wa hukumu: kipande cha kwanza huweka jambo, cha pili hulifunga. Ndiyo maana methali hufaa mwisho wa mazungumzo, na ndiyo maana mhutubu anayeanza kwa methali wakati mwingine hujikuta amelifunga jambo kabla hajalifungua.

Vipande vitatu hufanya kazi tofauti. Cha kwanza ni habari tu. Cha pili, kikifanana na cha kwanza, huligeuza jambo kuwa ruwaza, na sikio huanza kutabiri. Cha tatu hufika mahali palipokwisha kutayarishwa. Msikilizaji anakingoja kabla hakijatamkwa. Ama kitatimiza utabiri ama kitauvunja, na kwa vyovyote vile kitasikika kuliko vilivyotangulia. Nne na tano huongeza orodha, lakini haziongezi matarajio. Basi utatu si pambo la idadi. Ni njia ya kuandaa mahali pamoja penye usikivu mkubwa, na kosa la kawaida ni kuliweka jambo dogo mahali hapo.

Mfano unaojulikana zaidi nchini Tanzania ni wa Novemba 1978. Baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kuwa adui atapigwa, akataja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Katika hotuba yenyewe kila kipande kilibeba pia kitenzi cha kumpiga. Umma uliyahifadhi maneno hayo kwa ufupi zaidi: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Silabi ni sita, sita na tano. Mapigo ni mawili katika kila kipande. Sarufi ilitoa mfanano bure, kwa kuwa uwezo hupatana na -o, na sababu na nia hupatana na -yo, hivyo vipande vyote huishia kwa mshuko ule ule.

Jambo la kuangaliwa ni kile ambacho kumbukumbu ilikifanya baadaye. Hadi leo watu huyataja maneno hayo kwa mifuatano tofauti. Wengine huanza na nia, wengine na sababu. Hesabu ya tatu haikupotea, wala nomino hazikupotea. Kilichopotea ni mfuatano. Hili linafundisha mpaka muhimu: utatu wenye vipande vilivyo sawa kimuundo huhifadhi vitu, lakini hauhifadhi mpangilio wake. Kwa uwezo, sababu na nia hakuna hasara, kwani mambo hayo hayategemei kutangulizana. Kwa maelekezo ya kazi hasara ni kubwa, na huko msemaji anahitaji chombo cha ziada.

Chombo hicho ni urefu wa vipande. Mwaka 1909 mwanaisimu Mjerumani Otto Behaghel alieleza mwelekeo wa lugha kupanga vipande vifupi kwanza na virefu baadaye. Kiswahili hakilazimishwi na kanuni hiyo, lakini msemaji anaweza kuitumia kwa makusudi. Vipande vinavyorefuka kwa ngazi huwa na mwelekeo unaosikika, na mtu akivichanganya, ngazi huvunjika masikioni mwake mwenyewe.

5.0 Utangulizi mmoja katika rasimu tatu

Sasa ichukuliwe hali ya kawaida ya Malampaka. Mavuno ya pamba yamekwisha. Mabua yamesimama mashambani. Afisa ugani anatakiwa kuwaeleza wakulima kwamba masalia yaondolewe kabla ya msimu mpya. Sababu yake ni ya kibiolojia: baadhi ya wadudu wa pamba huvuka kiangazi ndani ya masalia. Buu la funza mwekundu wa pamba, kwa mfano, huweza kutulia ndani ya mbegu na vitumba vilivyoachwa hadi hali ya hewa ibadilike. Mkulima mmoja akiyaacha mabua yake, hifadhi ya wadudu hubaki pia kwa jirani zake. Ujumbe usipokumbukwa, gharama yake huonekana msimu unaofuata. Rasimu tatu zinazofuata zimetungwa kwa ajili ya mhadhara huu.

Rasimu ya kwanza imeandikwa kama zinavyoandikwa taarifa za ofisini:

Ndugu wananchi, lengo la mkutano huu ni kuwaelimisha wakulima juu ya umuhimu wa kuzingatia kanuni bora za kilimo cha zao la pamba ikiwa ni pamoja na uondoaji wa masalia ya zao hilo mashambani baada ya kukamilika kwa msimu wa mavuno ili kudhibiti wadudu waharibifu na hivyo kuongeza tija.

Hii ni sentensi moja yenye maneno arobaini na nane. Kisarufi haina kosa. Kwa sikio ina makosa mawili. La kwanza, hakuna kituo cha lazima baada ya neno wananchi, hivyo msemaji hupumua anapoishiwa pumzi na si pale maana inapokamilika. La pili, kitendo kinachotakiwa kimefichwa katika nomino, uondoaji, ambayo inafika kama neno la ishirini na saba. Mkulima anayeulizwa baadaye alichosikia atajibu kuwa walizungumzia pamba. Jibu hilo ni la kweli, nalo linaonyesha kiasi kilichopotea.

Rasimu ya pili ni ya mtu aliyeambiwa kuwa sentensi fupi ni bora:

Pamba imevunwa. Mabua yamebaki. Wadudu wamo. Tung'oe. Tukusanye. Tuchome. Tushirikiane. Tuendelee.

Mwanzo wake unavutia. Lakini baada ya sentensi ya nne sikio limezoea kugongwa na halioni tofauti kati ya pigo na pigo. Vitenzi vitano vimepangwa kana kwamba vina uzito sawa, ilhali vitatu ni kazi na viwili ni maneno ya mikutano yote. Tushirikiane na tuendelee vingeweza kufuata mada yoyote, na kwa kuwa ndivyo vya mwisho, ndivyo vilivyopewa mahali pa kukumbukwa. Ufupi bila kinyume chake si ufupi. Sentensi fupi husikika fupi pale tu inapofuata ndefu.

Rasimu ya tatu inaanza baada ya salamu:

Pamba imetoka shambani. Wanunuzi wametoka kijijini. Mdudu hajatoka. Amejificha ndani ya vitumba vilivyokauka na mabua tuliyoyaacha yamesimama, anangoja mvua za kwanza na mche wa kwanza, ili msimu ujao avune yeye kabla yetu. Kwa hiyo kazi ni tatu: tung'oe, tukusanye, tuteketeze. Mvua haingoji.

Sentensi tatu za mwanzo ni utatu wa kwanza. Silabi zake ni tisa, kumi na mbili na saba. Mapigo ni matatu, matatu na mawili. Kitenzi ni kile kile, kutoka. Mara mbili kinathibitisha, na sikio linajiandaa kusikia kitu cha tatu kilichotoka. Mara ya tatu kinakana. Kiambishi -ja- kinaingia, kikamilisho cha mahali kinaondoka, sentensi inakatika mapema. Habari mpya kuliko zote, kwamba mdudu bado yupo, imewekwa mahali ambapo mfanano umevunjika. Tofauti kati ya imetoka na hajatoka ni ndogo kimaandishi, lakini kwa sikio ndiyo utangulizi wote.

Inafuata sentensi moja ndefu, maneno ishirini na manne. Urefu huo una kazi. Unaeleza kungoja, nao wenyewe unangojesha. Hata hivyo haumpotezi msikilizaji, kwa sababu umegawanyika katika vipande vitatu vya pumzi, na kila kipande kina kitenzi chake kikuu: amejificha, anangoja, avune. Hiki ndicho kipimo cha sentensi ndefu inayofaa kusikika: inaruhusiwa kurefuka ilimradi katika kila pumzi msikilizaji apate kitendo kimoja kilichokamilika.

Kisha unakuja utatu wa pili, wa maelekezo. Hapa mfuatano una maana, kwa kuwa mabua yaliyokusanywa kabla ya kung'olewa hayapo. Uchaguzi ulikuwa kati ya tuchome na tuteketeze. Kwa kutumia tuchome, silabi zingekuwa tatu, nne na tatu, na kipande cha mwisho kingerudi chini. Kwa kutumia tuteketeze, silabi ni tatu, nne na tano. Ngazi inapanda, na kitenzi kirefu kuliko vyote kinaifunga kazi iliyo nzito kuliko zote. Mtu akijaribu kusema tukusanye, tuteketeze, tung'oe, atahisi anashuka badala ya kupanda, na huenda akajisahihisha.

Mwisho ni sentensi ya maneno mawili: Mvua haingoji. Ina mapigo mawili, kama Mdudu hajatoka. Zote mbili ni kanushi, zote zina nomino na kitenzi cha silabi nne. Msikilizaji hahitaji kulijua hilo. Sikio lake linatambua kuwa limerudi mahali lilipopata habari ya kwanza, na mambo mawili yanaunganika: mdudu hajatoka, mvua haingoji. Hata akisahau kila kitu kilicho katikati, ana sababu ya kutenda na ana muda wa kutenda.

6.0 Mipaka na makosa

Yapo mambo manne yanayoweza kuuharibu utangulizi wa namna hii, na mhadhara huu hautayafanya kuwa matatu kwa ajili ya mapigo.

La kwanza ni utatu wa uongo. Msemaji akishapenda hesabu ya tatu, hushawishika kupunguza yaliyo manne au kuongeza yaliyo mawili. Rasimu ya tatu nusura iingie katika kosa hilo. Mahali ambapo kuni ni adimu, mabua ya pamba huwa nishati ya jikoni. Mkulima anayeambiwa achome mabua shambani husikia pia kuwa anaambiwa achome kuni zake, na pingamizi hilo halitatajwa hadharani. Kitenzi kuteketeza kilichaguliwa kwa ngazi ya silabi, lakini kina faida ya maana pia: kinasisitiza kwisha kwa mabua, si mahali pa moto, kwa hiyo moto wa jikoni unaingia ndani yake. Linalobaki ni sharti kuwa akiba ya mabua yenye vitumba isikae nyumbani hadi mvua. Sharti hilo ni jambo la nne. Halina nafasi katika utangulizi, lakini lazima liwe jambo la kwanza katika hotuba inayofuata. Likiachwa kwa kuwa linaharibu mapigo, mapigo yamemdanganya msikilizaji.

La pili ni itifaki. Katika mikutano mingi ya Tanzania, msemaji huanza kwa kuwataja viongozi waliopo, mmoja baada ya mwingine, kwa vyeo vyao. Desturi hiyo ina heshima yake na haipaswi kudharauliwa. Kosa ni kuiunganisha na utangulizi kwa pumzi moja, kiasi kwamba Pamba imetoka shambani inasikika kama cheo cha mwisho katika orodha. Itifaki ikamilike, salamu itolewe na kujibiwa, iwe ni kwa Kiswahili au kwa mwangaluka na mwadila za Kisukuma, kisha pawe na kimya cha pumzi moja. Jibu la salamu lina faida: umati wenyewe umekwisha kutoa sauti pamoja na kunyamaza pamoja. Ukimya huo ndio uwanja wa sentensi ya kwanza.

La tatu ni kipaza sauti. Uwanjani sauti hurudi ikiwa imechelewa kidogo, na silabi zisizo na mkazo ndizo hufifia kwanza. Tofauti kati ya imetoka na hajatoka inategemea silabi zilizo kabla ya mkazo, yaani zile zilizo katika hatari. Msemaji asiizidishe kasi hapo. Inafaa kitenzi hajatoka kitanguliwe na kituo kifupi, ili ha- ianze ikiwa peke yake katika ukimya.

La nne ni mapigo yanayoshinda maana. Hili hutambulika kwa kuuliza. Baada ya mkutano, aulizwe mtu aliyesimama nyuma, si aliyeketi mbele, aseme alichosikia. Akisema kuwa yalitajwa mambo matatu lakini hayakumbuki, utatu ulikuwa wa sauti tupu. Akiyakumbuka mambo lakini ameyageuza mfuatano, ngazi haikusikika. Akisema kwa maneno yake mwenyewe kuwa wadudu bado wamo mashambani na mvua iko karibu, utangulizi umefanya kazi yake, hata kama hakulihifadhi neno lolote kama lilivyotamkwa. Jibu hilo la mwisho ni bora kuliko la mtu anayeweza kuyakariri yote lakini hajui yanamtaka afanye nini.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kuwa sifa mbili ambazo wanafunzi wa isimu huzisoma kama kanuni kavu, yaani mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho na upatanisho wa kisarufi, ndizo zinazoamua jinsi utangulizi wa Kiswahili unavyosikika. Sifa hizo hutoa mfanano kwa wingi, na kwa wingi huo huo hulifanya sikio lisiushangae mfanano. Kazi ya msemaji ni kuchagua mahali pa kuuvunja: kipande cha tatu kinachokana baada ya viwili vilivyothibitisha, sentensi fupi inayofuata ndefu, kitenzi kirefu kinachofunga vifupi.

Kwa walimu wa insha na wa mawasiliano, pendekezo linalotokana na hayo ni dogo. Pamoja na zoezi la kuandika utangulizi, liwepo zoezi la kuusoma mara moja tu mbele ya darasa, vitabu vikiwa vimefungwa, na wanafunzi wengine waandike walichobaki nacho. Tofauti kati ya karatasi ya msomaji na karatasi za wasikilizaji itaonyesha, bila maelezo zaidi, ni sentensi ipi iliyoandikwa kwa ajili ya jicho. Huko Malampaka zoezi hilo hufanywa bila karatasi. Karatasi yake ni shamba, na husahihishwa mvua zinaponyesha.